Afisa utumishi amevujisha malalamiko yako? Hivi ndivyo unavyomlalamikia yeye mwenyewe

Hii ishu wengi wanaikosea mwanzoni kabisa. Mtu anagundua barua yake ya siri imeshajulikana idara nzima, anapandwa na hasira, anaenda hadi mlangoni kwa afisa utumishi na kumwambia "wewe ndo umenivujishia", jamaa anakana, na kuanzia hapo limekuwa neno lako na neno lake, na yeye ndo anashika mafaili. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo kuna kazi ya kufanya kimyakimya.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili tuelewane, ni wa kutunga ila mambo yake ndo haya haya yanayotokea. Tuseme kuna dada karani wa stoo, supavaiza wake anamkatia masaa ya ovataimu kwenye shiti ya mahudhurio. Tarehe 3 Machi anamwandikia afisa utumishi imeili, peke yake, hakuna mwingine kwenye nakala. Ndani anaeleza kwamba tarehe 14 Februari aliandikiwa katoka saa 11 jioni wakati aliondoka saa 2 usiku, na kwamba masaa yake huwa anayaandika kwenye kidaftari anachokaa nacho nyumbani. Afisa hamjibu. Tarehe 6 Machi dereva wa gari la mizigo anamtania, "eti na mimi umeniandika kwenye kile kidaftari chako?" Tarehe 12 Machi supavaiza anamhamishia shifti ya usiku bila maelezo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni kuvuja

Hapa watu hawapendi kusikia lakini lazima niseme. Ukimlalamikia mtu, huyo mtu lazima aambiwe analalamikiwa nini, vinginevyo atajiteteaje. Kwa hiyo supavaiza kujua kwamba kuna malalamiko ya ovataimu ya tarehe 14 Februari, hiyo peke yake haitoshi, afisa atakwambia alikuwa anachukua maelezo ya upande wa pili na atakuwa sawa kabisa. Hata shahidi anaweza kuitwa akaulizwa maswali mawili matatu. Afisa anayekuahidi "hii haitajulikana na mtu yeyote" anakuahidi kitu ambacho hawezi kukitimiza, siri ya malalamiko maana yake ni kwamba wanajua wale tu wanaohitaji kujua ili kazi ifanyike, na wanajua kile tu wanachohitaji.

Basi jiulize vitu vitatu. Aliyejua ana kazi gani kwenye hilo suala? Dereva wetu hana kazi yoyote, hatii saini shiti ya mahudhurio, hajaitwa kama shahidi. Alijua lini? Alijua tarehe 6, wakati mlalamikaji mwenyewe hajajibiwa hata kwamba barua imepokelewa, yaani hakuna uchunguzi uliofunguliwa ambao ungemhitaji. Na alijua nini hasa? Hapa ndo penyewe, tukae hapa kidogo.

Hatua ya pili: tafuta kile kilichokuwa kwenye barua tu

Umbea wa "nasikia umemshtaki bosi wako" hauthibitishi kitu, ofisini watu wanakisia, wamekuona unatoka ofisi ya utumishi umenuna basi wanaunganisha. Lakini kidaftari ni kitu kingine. Kidaftari hakijawahi kufika kazini, hakuna aliyekiona, kimetajwa sehemu moja tu duniani, imeili ya tarehe 3 Machi. Kikitoka mdomoni mwa dereva ina maana yaliyomo kwenye imeili yamesafiri. Kwa hiyo fungua barua yako ya kwanza, isome mstari kwa mstari, weka alama kila kitu ambacho hukuwahi kumwambia mtu mwingine: tarehe fulani, neno fulani ulilotumia, jina la shahidi, jambo la afya yako. Halafu linganisha na kile watu walichokurudishia, maneno yenyewe waliyoyasema, usiyaboreshe.

Sasa geuka ujichunguze mwenyewe bila huruma. Ulimwambia nani? Rafiki wa kazini uliyemwonyesha rasimu kwenye simu, mchumba anayefanya kazi jengo hilo hilo, uliprinti kwenye printa ya wote ukaenda kuchukua karatasi baada ya nusu saa, uliandika kwenye kompyuta ambayo mwenzio anaitumia mchana? Andika yote. Kama kuna mtu mwingine alijua habari ya kidaftari, hiyo alama imekufa, tafuta nyingine. Ni bora uigundue wewe leo kuliko waigundue wao kwenye kikao.

Kitu kimoja usifanye: kutega. Kuna watu wanapeleka malalamiko ya uongo yenye kitu cha kubuni ili waone kama kitavuja. Kitavuja kweli, na wewe utakuwa umejifungulia kesi ya kutoa taarifa za uongo, yule afisa atakaa pembeni anakuangalia unavyojieleza.

Hatua ya tatu: mtiririko wa tarehe

Ukurasa mmoja unatosha. Tarehe, saa kama unaikumbuka, nani, alisema nini kwa maneno yake, nani mwingine alikuwepo, ushahidi uko wapi. Andika siku ile ile, kesho kumbukumbu imeshaanza kupinda. Kwa dada wetu mistari yake ni minne tu: barua ya tarehe 3, ukimya, dereva tarehe 6, shifti tarehe 12. Hiyo ya shifti aiweke hata kama hana uhakika kwamba ni kisasi, iwe mstari wa tukio bila tafsiri.

Kuhusu ushahidi, weka nakala ya barua zako mwenyewe na majibu uliyopewa, skrinshoti za ujumbe uliotumiwa wewe. Usiingie kwenye faili la mtu, usijifowadie mafaili ya ofisi kwenye imeili yako binafsi kwa wingi, hapo unawapa sababu ya kukufukuza wewe na suala la kuvuja likafa kifo cha asili. Kurekodi watu kwa siri nako kuna nchi ni kosa, uliza kwanza. Na dereva usimkabe koo atoe jina la aliyemwambia, ataogopa atakana kila kitu. Andika alichosema, basi. Wachunguzi watamuuliza.

Hatua ya nne: ulizia barua yako imefika wapi

Hii siyo lazima ila mimi naipenda sana. Unamtumia afisa ujumbe mfupi wa kistaarabu, bila kugusia kuvuja:

"Habari. Naomba kufahamu malalamiko yangu ya tarehe 3 Machi yamefikia hatua gani, nani anayashughulikia, na kama kuna watu wengine ambao wamepewa nafasi ya kuyasoma. Natanguliza shukrani."

Akijibu "niko nayo mimi tu, hakuna aliyeiona" ameshajifunga, kwa sababu sasa swali la dereva alijuaje halina mlango mwingine wa kutokea. Akijibu kwamba alimpelekea meneja wa stoo, umepata mtu wa pili wa kuulizwa, na pengine umegundua kwamba aliyevujisha siyo yeye. Asipojibu kabisa, ukimya nao unaingia kwenye mtiririko wa tarehe. Mpe siku chache za kazi, usingoje mwezi. Kama kuna hatari kwako, vitisho, au malalamiko yenyewe ni ya unyanyasaji wa kingono na mshtakiwa ni swahiba wake, ruka hii hatua nenda moja kwa moja inayofuata.

Hatua ya tano: unampelekea nani

Fungua sera ya malalamiko au kitabu cha wafanyakazi, tafuta sehemu inayosema malalamiko dhidi ya ofisi ya utumishi yenyewe yanaenda wapi. Sera nyingi nilizosoma zinasema tu "peleka kwa afisa utumishi" zinaishia hapo, kana kwamba huyo mtu hawezi kukosea. Ikiwa hivyo, unapanda ngazi moja juu ya mtu unayemlalamikia: mkuu wa idara ya utumishi kama yupo, kama aliyevujisha ndo mkuu mwenyewe basi mkurugenzi mtendaji. Kampuni kubwa huwa na ukaguzi wa ndani au mtu wa maadili, na hao mara nyingi wanaripoti kwenye bodi, kwa hiyo afisa utumishi hana ubavu kwao. Kampuni ndogo ambayo afisa ni mmoja na ni shemeji wa mwenye kampuni, hapo sikudanganyi, ndani ni pagumu, peleka kwa mwenye kampuni kwa maandishi ili rekodi iwepo, lakini jiandae kutoka nje mapema.

Angalizo la anwani. Ile imeili ya pamoja ya malalamiko, na hata lile sanduku la ukutani, uliza nani anafungua kabla hujatumbukiza kitu. Sehemu nyingi funguo anayo afisa utumishi huyo huyo. Namba ya simu ya kuripoti siri ni hivyo hivyo, kuna zinazosimamiwa na kampuni ya nje lakini ripoti ikishaandikwa inarudishwa kwenye meza ileile. Ni salama zaidi kutuma kwa mtu mwenye jina kwenye anwani yake mwenyewe, au karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa iliyoandikwa SIRI, na wewe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au hata saini na tarehe tu. Katibu muhtasari anapokea bahasha, haifungui.

Hatua ya sita: barua

Kosa kubwa kwenye barua ya pili ni kusimulia upya malalamiko yote ya kwanza. Ukifanya hivyo unavujisha wewe mwenyewe, unawafikishia watu wengine yaleyale uliyotaka yafichwe, halafu pia msomaji anachanganyikiwa, hajui kama anachunguza ovataimu au anachunguza siri. Haya ni mambo mawili, yana watuhumiwa wawili, yatenge. Malalamiko ya kwanza yataje kwa tarehe na mada tu, useme nakala utaitoa ukiombwa na atakayeteuliwa.

Kosa la pili ni kuandika kitu usichoweza kukithibitisha. Hujui kwamba afisa alimwambia dereva. Unajua kwamba taarifa uliyompa afisa peke yake ilifika kwa dereva ndani ya siku tatu. Andika hicho unachokijua. Yeye ndiye aliyepokea na ndiye mwenye wajibu wa kutunza, kwa hiyo hata kama ilitoka kwa sababu aliacha kompyuta wazi au aliprinti akasahau, bado ni suala lake la kujibu. Ukishika hapo huna haja ya kuthibitisha nia mbaya, na ukimwita mwongo kwenye barua unaweza kujikuta wewe ndo unatakiwa ujieleze.

Barua ya dada wetu inaweza kuwa hivi:

"YAH: UTUNZAJI WA SIRI WA MALALAMIKO YANGU YA TAREHE 3 MACHI

Tarehe 3 Machi niliwasilisha malalamiko kuhusu kumbukumbu za mahudhurio kwa Afisa Utumishi kwa barua pepe, kwake peke yake. Sijapata taarifa ya kupokelewa wala ya kuanza kwa uchunguzi.

Tarehe 6 Machi, eneo la kupakia mizigo, dereva mmoja alinitajia jambo ambalo nililiandika katika barua hiyo pekee na sijawahi kumweleza mfanyakazi mwingine yeyote. Jina lake na maneno aliyotumia nimeyaweka kwenye kiambatisho. Ninavyofahamu, hana nafasi yoyote katika kushughulikia suala hilo.

Tarehe 12 Machi nilibadilishiwa shifti bila kupewa sababu. Sisemi kwamba mambo haya yanahusiana, ila naomba liangaliwe.

Naomba ichunguzwe jinsi malalamiko yangu yalivyotunzwa tangu yalipopokelewa. Suala la mahudhurio lenyewe naomba liendelee kivyake."

Umeona ilivyo fupi. Jina la dereva limewekwa kwenye kiambatisho makusudi, ili barua ikipitia mikono ya watu huyo kijana asije akachomwa.

Hatua ya saba: omba vitu vinavyotendeka

"Naomba haki itendeke" ni sentensi ambayo meneja anaisoma anatikisa kichwa halafu anaiweka pembeni kwa sababu haimwambii afanye nini. Mwisho wa barua weka maombi yanayoweza kujibiwa ndiyo au hapana.

La kwanza, faili litoke mikononi mwa afisa leo, likabidhiwe mtu mwingine mwenye jina. La pili, watu wa kompyuta waambiwe wahifadhi kumbukumbu za mfumo: ile imeili ilifowadiwa kwa nani, folda ilifunguliwa na akaunti zipi, iliprintiwa lini. Hili liombe siku ya kwanza kabisa kwa sababu kumbukumbu hizi mifumo inazifuta yenyewe baada ya muda, ukija kukumbuka baada ya miezi utaambiwa hazipo tena na hawatakuwa wanadanganya. La tatu, shifti, cheo, likizo na mkataba wako visiguswe bila sababu ya maandishi mpaka suala liishe. La nne, tarehe ya kujibiwa, tumia ile iliyo kwenye sera, kama hakuna pendekeza wiki mbili.

Usiombe afukuzwe. Siyo kwamba namwonea huruma, ni kwamba adhabu siyo yako kuamua na ukiitaja barua inanuka ugomvi. Na ujue mapema, mara nyingi hutaambiwa amepewa adhabu gani, nidhamu yake nayo ni siri yake, utaambiwa tu "hatua stahiki zimechukuliwa". Unachoweza kudai kujibiwa ni kile kinachokuhusu wewe: je ilithibitika kwamba siri ilitoka, nani mwingine aliiona, na imefanyika nini ili isiendelee kusambaa.

Kikao

Wakikuita, omba kwenda na mtu, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzako unayemwamini. Hili siyo ombi la ajabu, Pendekezo namba 130 la Shirika la Kazi Duniani (ILO) la mwaka 1967, linalohusu malalamiko kazini, linataja kabisa kusaidiwa au kuwakilishwa, na linasema pia mfanyakazi awe na haki ya kulalamika bila kudhurika kwa sababu hiyo. Pendekezo halifungi nchi kama sheria, ila ukilitaja kwa upole watu wanakaa vizuri kwenye viti. Kama malalamiko yako ya kwanza yalikuwa ya unyanyasaji, kuna chenye nguvu zaidi, Mkataba namba 190 wa mwaka 2019, ambao unazitaka nchi zilizouridhia zilinde faragha ya wahusika na usiri kadiri inavyowezekana, na ziwakinge walalamikaji na mashahidi dhidi ya kisasi. Angalia kama nchi yako imeuridhia.

Kuna mitego miwili ya kikao. Wa kwanza ni "suluhu", wanamwita afisa mkae mezani mshikane mikono yaishe. Suluhu siyo dhambi, lakini ikija kabla hajaulizwa mtu wa kompyuta hata swali moja, ujue wanatafuta kufunga faili. Jibu ni jepesi tu: "Niko tayari kukaa naye uchunguzi ukiisha." Wa pili ni karatasi ya usiri unayopewa usaini. Kuweka siri wakati wa uchunguzi ni sawa, ila isome kama inakuzuia kuongea na wakili, chama au ofisi ya kazi. Kama inakuzuia, usisaini hapo hapo, sema unaenda nayo kuisoma.

Ukitoka kikaoni, siku hiyo hiyo tuma muhtasari wa mistari mitano wa kilichokubaliwa, umalizie na "kama nimekosea mahali naomba nirekebishwe." Wengi hawajibu, na hapo muhtasari wako ndo unabaki kuwa rekodi.

Wakikaa kimya au wakianza kukubana

Kumbusha mara moja kwa maandishi baada ya tarehe uliyotoa, kisha panda ngazi inayofuata ukiambatanisha barua zote mbili. Usikumbushe mara sita. Nje ya kampuni kuna milango ya aina tatu na kila mmoja una kazi yake: chama cha wafanyakazi kwa kukusimamia, ofisi ya kazi au baraza la migogoro kwa kisasi na kwa lile suala la kwanza, na kama nchi yako ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, tume yake kwa upande wa kuvuja, hasa kama kilichotoka ni habari za afya au maisha yako ya ndani. Sheria hizo kwa kawaida zinakupa pia haki ya kuomba nakala ya taarifa zako walizonazo, na kwenye majibu unaweza kukuta imeili zilizokutaja, ingawa majina ya wengine huenda yakafichwa.

Halafu saa inatembea. Sehemu nyingi muda wa kufungua mgogoro wa kazi ni mfupi na hausimami eti kwa sababu ulikuwa unasubiri majibu ya ndani. Dada wetu anaweza kuhangaika na suala la siri miezi mitatu, akashinda, akaja kuambiwa madai ya ovataimu yamepitwa na wakati. Kwa hiyo wiki ile ile anayopeleka barua ya pili, aulize ofisi ya kazi au chama muda wa lile la kwanza unaisha lini, aiandike hiyo tarehe juu kabisa ya ule ukurasa wake wa mtiririko, na wiki mbili kabla haijafika afungue madai nje hata kama ndani bado wanamwambia subiri.